Ujumbe kwa Watu Saba

Tulipanga warsha ya uandishi wa Kiswahili hapa Kimironko, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tano na nusu asubuhi, kwa ada ya faranga 5,000. Ukumbi ulikuwa faranga 60,000, kwa hiyo tulihitaji watu 12. Hadi Jumatano jioni walikuwa wamelipa 7.

Nikapewa kazi ya kuwaarifu. Rasimu yangu ilianza kwa shukrani ndefu, habari yenyewe ikaja mwisho. Mwenzangu akaniuliza, "Dada, yule wa Huye akisoma mistari miwili tu, si atapanda basi?" Nikafuta, nikaandika:

"Warsha ya Jumamosi hii haitafanyika. Tuliohitaji ni watu 12, waliojiandikisha ni 7. Tutaifanya Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana. Ukiitaka tarehe hiyo, jibu NDIYO kabla ya Ijumaa jioni. Usipojibu, tutakurudishia faranga 5,000 zote kwa simu. Gharama ya kutuma ni yetu."

Mhazini alitaka anayenyamaza ahesabiwe amekubali. Nilikataa: alilipia siku ile, si nyingine.

Wanne walijibu ndiyo, wawili wakaomba pesa, mmoja akanyamaza, naye tukamrudishia. Mmoja wa walioomba pesa aliandika: "Umuganda huisha saa tano, lakini mkutano wa mtaa hufuata. Ningefikaje?" Hapo nikajua kwa nini walikuwa 7.