Mama wa nyuma, umenisikia? (Mfululizo wa kliniki, sehemu ya 7)

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Siku za mwanzo za kazi nilikuwa natoa elimu ya kuharisha asubuhi ya kliniki. Tulikuwa nje, chini ya mwembe, mama kama sitini, watoto wanalia, bodaboda zinapita. Kipaza sauti hakuna. Nikapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Siku chache baadaye mama mmoja akarudi na mtoto. Pakiti ya ORS ya lita moja alikuwa ameichanganya kwenye kikombe kimoja. Hayo ni maji yenye chumvi kali, na mtoto anaweza kuumia vibaya. Wetu alipona, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza akasema, "Nesi, nilisikia moja."

Hakudanganya. Pumzi yangu iliniishia nikiwa mwisho wa sentensi, "lita" ikamezwa, ikabaki "moja".

Tangu hapo nimejifunza kwamba kupiga kelele siyo kusikika. Ukikaza koo, sauti inapanda juu na kuwa nyembamba. Nyuzi za sauti za mwanamke zinagongana kama mara mia mbili kwa sekunde akiongea kawaida, na ukipayuka zinagongana haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana jioni koo linawasha na sauti imekauka.

Sasa kabla ya kuongea, nasogeza watu. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, inasambaa tu. Anayekaa mbali mara mbili anapata robo ya nguvu ya sauti. Kwa hiyo kumsogeza mama hatua kumi kunasaidia kuliko kupayuka. Nawaketisha nusu duara, wenye watoto wanaolia pembeni karibu na njia, na mimi nasimama upepo ukinipiga mgongoni ili upeleke sauti kwao.

Halafu pumzi. Weka mkono juu ya kitovu, vuta hewa taratibu. Tumbo litoke nje, mabega yatulie. Sema "mhm" kama unamkubalia mtu. Hapo ndipo sauti yako ilipo, usiipandishe kutoka hapo. Fungua mdomo vizuri, kidevu kisiinuke, kisha sema maneno sita au saba tu. Nyamaza, vuta tena. Neno la mwisho lipate pumzi sawa na la kwanza.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. Katazo linakaa mwanzoni, kwenye kasilabi kadogo. "Usimpe" ikimezwa na kelele inabaki "mpe"! Kwa hiyo penye kelele siagizi kwa kukataza. Badala ya "usimpe dawa ya kuhara bila kuambiwa", nasema "dawa ya kuhara, uliza nesi kwanza." Na ORS naigawa vipande: "Soma pakiti yako." Kimya. "Ya lita moja." Kimya. "Maji lita moja." Hapo nainua chupa mbili za nusu lita, wazione.

Kuwatuliza watu sipigi makofi wala sisemi "nyamazeni". Naanza na "Mwangaluka!" Wao wanaitika, "Mwangaluka!" Mara mbili hivi, kelele inashuka yenyewe, maana anayeitika hawezi kupiga soga. Hili siyo langu. Hapa Tabora tulikuwa njia ya misafara, na kirangozi aliyewaongoza wapagazi wa Kinyamwezi alikuwa akitangaza jambo, msafara unamwitikia. Kipaza sauti kilikuwa bado.

Mwisho namwomba mama wa mstari wa nyuma arudie nilichosema. Simuulizi "umesikia?" maana kila mtu atasema ndiyo. Akirudia vibaya, kosa ni langu, naanza upya.

Ukumbini ni tofauti. Kuta zinarudisha sauti, maneno yanapandana. Huko shida siyo nguvu, ni haraka. Punguza mwendo, subiri mwangwi uishe. Na mvua ikipiga bati, acha. Hakuna koo la kushindana na bati. Mimi nagawa watu makundi madogo nawafuata mmoja mmoja, au tunasubiri ipite.

Nyie mnaoongea kwenye vikoba, misibani, vikao vya shule, jipimeni jioni. Koo likiwasha au ukikohoakohoa kila ukishuka jukwaani, ulikuwa unasukuma kwa shingo badala ya tumbo. Sauti ikikauka, kunywa maji, ongea kidogo. Usinong'one kwa kukaza, huko nako unachosha koo. Ikikaa wiki tatu haijarudi, nenda hospitali wakuangalie koo. Ukianza kupumua kwa shida au kushindwa kumeza, usisubiri hizo wiki.

Wiki ijayo tutaongelea homa za usiku. Aliye na pakiti ya ORS nyumbani, aitoe sasa hivi asome imeandikwa maji kiasi gani. Ziko za lita moja na za nusu lita.