Duka la dawa la kuaminika utalijua kwa maswali yake

Msomaji wangu, ukihamia mahali pageni unaweza kukosea fundi cherehani ukaambulia suruali inayobana. Unaweza kukosea kinyozi ukavaa kofia wiki mbili. Lakini ukikosea muuza dawa, hapo hakuna kofia ya kukufichia.

Mimi nilihamia Mkwajuni, wilayani Songwe, nikitokea Mbeya mjini. Ukishaiacha Mbalizi na kuanza kuteremka kuelekea Galula, sweta unalivua mwenyewe bila kuambiwa. Huku chini ni joto, na penye joto mbu naye ana uraia. Wiki ya tatu tu, binti yangu wa miaka sita akaamka anachemka.

Duka la kwanza nililoingia, kijana aliuliza swali moja tu: "Mkubwa au mdogo?" Nikamjibu mdogo. Akavuta mkasi, akakata kipande cha karatasi ya mseto, akasema mpe asubuhi na jioni. Nikamshukuru, nikatoka mikono mitupu. Mama jirani akanielekeza duka jingine, mitaa miwili mbele.

Huko nilimkuta dada mmoja ambaye kabla hajagusa kabati aliuliza: homa imeanza lini? Anakunywa maji? Ametapika? Amewahi kushtuka degedege? Amepimwa? Niliposema hajapimwa akanijibu, "Basi kaka, mpeleke hospitali akapimwe kwanza. Si kila homa ni malaria." Jamani, mfanyabiashara anafukuza pesa! Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kipimo kikaonyesha malaria, isiyo kali. Niliporudi na cheti, dada akampandisha mtoto kwenye mzani: kilo 18. Hapo ndipo kijana wa mkasi alipokosea, kwa sababu mseto hautolewi kwa "mkubwa" na "mdogo", unatolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 hunywa tembe mbili kila mara, mara sita, jumla tembe 12. Mtu wa kilo 35 na zaidi hunywa nne kila mara, jumla 24. Kipande kilichokatwa kwa kukisia kinashusha homa, mtoto anacheza, na vijidudu vilivyobaki vinajipanga upya.

Dada akaandika saa juu ya boksi: ya kwanza saa saba mchana, ya pili baada ya saa nane, yaani saa tatu usiku. Kuanzia kesho yake, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Akasisitiza anywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wa karanga, maana dawa hii bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, nirudi. Akishindwa kunywa maji au akipata degedege, nisirudi dukani, nikimbilie hospitali.

Nikiwa pale akaingia mchimbaji, vumbi la machimboni bado nywelani. "Dada, nipe rangi mbili nne." Akanyimwa. Bwana yule akachukia, eti pesa yake ina kasoro gani? Dada akamweleza taratibu kwamba vidonge vinne vya dawa ile havitimizi dozi, na kwamba kidonda chake kinahitaji kuonwa kwanza. Akaondoka ananung'unika. Sisemi alielewa.

Tangu siku ile nayakagua maduka ya dawa kwa macho mengine. Maduka haya ya dawa muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale tuliyozoea kuyaita ya dawa baridi. Mtoa dawa anatakiwa awe amefunzwa, na kibali cha Baraza la Famasi kiwe ukutani. Kisome: jina la duka ni lile lile la kwenye kibao cha nje? Mwaka haujapita? Halafu inua macho juu. Kwa joto la huku, duka la bati tupu lisilo na dari ni oveni, na boksi la mseto limeandikwa lisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30. Ukiona mtu anachomwa sindano nyuma ya pazia, aga uondoke, maana duka la dawa si wodi.

Ila kibali na dari vinaweza kununuliwa. Maswali hayanunuliwi. Kwa hiyo ewe mhamiaji mwenzangu, usingoje homa ya usiku. Nenda ukiwa mzima, kanunue hata dawa ya maumivu, kisha tega sikio. Asipokuuliza ni ya nani na ana shida gani, chukua chenji yako, endelea na safari hadi duka la pili.