Namba Aliyoibeba Kichwani

Mama Mwalimu tulimfahamu katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tulipokwenda kuwatembelea waumini. Alikuwa amefundisha shule ya msingi upande wa Uvira kwa miaka kumi na miwili. Usiku wa kukimbia alibeba watoto, mfuko wa vyeti ukabaki juu ya kabati. Alivuka Ziwa Tanganyika bila karatasi hata moja.

Shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa kwao. Alipoomba kazi, aliombwa Diploma ya Serikali. Tukajitolea kumwandikia barua kwamba ni mwalimu. Akatukatalia kwa upole: "Baba Mchungaji, mnanijua kwa sala tu. Hamjaniona darasani."

Tulinyamaza. Amri ya nane tunawafundisha watoto wa kipaimara kila mwaka, nasi tulikuwa tayari kushuhudia tusichokiona.

Yeye alianza na daftari. Aliandika mwaka wa mtihani, shule aliyosomea ualimu, asilimia aliyopata, na namba yake ya matrikule, ile ambayo ofisi ya mishahara ya walimu humpa kila anayelipwa na Serikali ya Kongo. Aliikumbuka kwa kuwa aliiandika kila mwezi alipotia saini. Hiyo namba ndiyo iliyofungua njia. Mwenzake aliyebaki Uvira aliitafuta katika orodha ya zamani ya mishahara, akaupiga picha ukurasa na kumtumia kwa simu. Mkuu wa shule aliyosoma akaandika hati kutoka rejista ya wanafunzi.

Hata hivyo karatasi hizo zilikataliwa. Kongo mtu huwa na jina, jina la nyuma, kisha jina la ubatizo. Kadi yake ya ukimbizi ilitanguliza la ubatizo na kuacha la nyuma, hivyo aliyesoma na aliyekimbia wakaonekana watu wawili. Ilimbidi kwanza aombe kadi isahihishwe. Alisubiri miezi mitano, na kila alipoulizia alibeba daftari lile lile.

Kadi ilipotoka, shule ilimpa somo la majaribio. Tuliomba ruhusa tukakaa nyuma ya darasa. Alifundisha sehemu kwa kukata muhogo mmoja vipande vinne, na mtoto aliyekuwa akisinzia akainuka kuhesabu. Ndipo tukaandika barua yetu, mistari minne: siku, darasa, somo, na tuliyoyaona.

Alipewa kazi ya muda. Diploma yenyewe bado hana, na hati zile hazimpi ajira katika shule za Tanzania. Nasi tangu siku hiyo, mtu akituomba barua, kwanza tunajiuliza tumeona nini.