Ujumbe kwa bibi: punguza ukali, ombi libaki

Mtoto ana miezi minne. Mama yake amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, na mchana mtoto hushinda kwa bibi mzaa baba, Mbagala. Jioni moja wazazi wakagundua kuwa bibi humpa uji mwepesi na maji "apate nguvu".

Kliniki walishaelekezwa: maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Uji hujaza tumbo mtoto akanyonya kidogo, na maji yasiyo salama huleta kuhara.

Baba akaandika ujumbe: "Mama, usimpe mtoto uji wala maji. Kliniki wamekataza."

Kabla hajautuma, mkewe alimuuliza wanataka nini hasa. Wakakubaliana mambo mawili: bibi aache uji na maji kabisa, na aendelee kulea kwa moyo mweupe. Ujumbe ule ulitimiza la kwanza, ukavunja la pili.

Mke hakusema tu "andika vizuri". Alisema: "Ongeza salamu na shukrani mwanzoni, na 'usimpe' iwe 'tusimpe', asijione anakaripiwa."

Toleo la pili likaja: "Shikamoo mama. Tunashukuru sana unavyomlea mjukuu wako. Kama itawezekana, tujaribu kupunguza uji."

Sasa bibi asingeumia, lakini angeendelea na uji kidogo, maana kaambiwa apunguze. Maji nayo yalikuwa yamesahaulika. Upole ulikuwa umekula ombi lenyewe.

Safari hii mke aliomba ukaze kidogo, mahali pamoja tu: "Salamu na shukrani usiziguse. Toa 'kama itawezekana', 'tujaribu' na 'kupunguza'. Rudisha maji, na sema mpaka lini."

Toleo la tatu: "Shikamoo mama. Tunashukuru sana unavyomlea mjukuu wako. Kliniki wametuelekeza anyonye tu hadi atimize miezi sita, kwa hiyo naomba tusimpe uji wala maji mpaka wakati huo. Tutakuletea maziwa ya mama yake kila asubuhi. Uji wake wa kwanza utampikia wewe."

Neno "naomba" limebeba heshima, na "mpaka wakati huo" haliachi mwanya.

Kwa kuwa wao walishauzoea ujumbe, walimpa wifi mtu ausome mara moja, kisha wakamuuliza: bibi afanye nini, mpaka lini, na je, ungekuwa wewe ungechukia? Alijibu mawili ya kwanza bila kurudia kusoma. La tatu alicheka: "Huyo mama atafurahia ule uji wa kwanza."

Baba ndiye aliyeutuma, kwa kuwa bibi ni mama yake. Asubuhi bibi alipiga simu. Hakuuliza habari za uji. Aliuliza maziwa yakifika ayaweke wapi. Akaambiwa: kwenye friji.