Aliyenakili gazeti la zamani naye ana jina

Mtoto akirudi shuleni na kazi ya historia ya ukoo, siku hizi haendi mbali. Anaingia kwenye simu, anakuta ukurasa wa gazeti la zamani uliochapwa upya na mtu fulani, anauhamishia kwenye daftari lake, kisha chini anaandika: "Chanzo: Mambo Leo, 1926." Mwalimu anaweka alama ya vema na mzazi anafurahi. Lakini mtoto huyo hajaiona Mambo Leo hata siku moja. Alichokiona ni kazi ya mtu aliyekaa na gazeti lile, akalisoma herufi kwa herufi na kuliandika upya. Mtu huyo hakutajwa.

Wengi tunadhani kumtaja ni adabu tu, kama kusema asante. Kwetu hapa Msamvu tuligundua kwamba ni zaidi ya adabu, na jambo lenyewe karibu lichongwe kwenye jiwe la kaburi.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mwalimu. Alipostaafu alikuwa akipanda basi hapa stendi kwenda Dar es Salaam, anakaa maktaba siku mbili tatu, anarudi. Alikuwa akitafuta habari za watu wa milima ya Uluguru katika Mambo Leo, lile gazeti la kila mwezi lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Kila alichokipata alikinakili kwa kalamu kwenye kaunta buku. Miongoni mwa alivyonakili ni barua fupi ya msomaji wa Morogoro ya mwaka 1926, iliyomtaja kaka yake bibi yetu kuwa ni mwalimu wa siku nyingi katika shule ya misheni kule milimani.

Baada ya mjomba kufariki, ndugu yetu mmoja alizichapa kurasa zile kwenye simu na kuzituma katika kundi la ukoo. Tulishukuru sana, maana wengi wetu hatukuwahi kuliona daftari. Kila aliyepokea aliwatumia wengine, na katika kutumiana huko jina la mjomba likadondoka. Habari ikabaki na maneno mawili na mwaka: "Mambo Leo, 1926."

Mwaka jana ukoo ukaamua kujengea kaburi la babu yule na kuchapisha kijitabu kidogo. Barua, kama ilivyozunguka kwenye simu, ilisema amefundisha miaka 18. Vijana wakapiga hesabu: 1926 ukitoa 18 unapata 1908. Fundi akapewa maandishi ya jiwe: "Mwalimu tangu 1908." Malipo ya awali yakatolewa.

Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki katika kizazi chake, aliposomewa maandishi yale alitikisa kichwa.

"Mama yetu alituambia kaka yake alishika chaki mwaka mmoja kabla ya vita ya Mjerumani na Mwingereza," alisema. "Hiyo 1908 mmeitoa wapi, wanangu?"

"Imeandikwa gazetini, mama mkubwa," akajibiwa.

"Nani kaliona hilo gazeti?"

Hakuna aliyejibu. Vita ile ilianza 1914, kwa hiyo kwa maneno ya mama mkubwa babu alianza 1913. Upande mmoja kulikuwa na kumbukumbu ya bibi, upande mwingine gazeti, na katika kikao cha watu waliosoma, gazeti lilikuwa linaelekea kushinda. Nasi tungependa kulifungua tuhakikishe, lakini tungelifungua wapi? "Mambo Leo, 1926" ni matoleo kumi na mawili, na kila toleo lina kurasa nyingi. Wala hatukujua ni maktaba gani.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari. Lilikuwa kwa mke wa marehemu, ndani ya sanduku la bati chini ya vitenge. Nililifungua pamoja na binti yangu wa kidato cha tatu, na kwenye ukurasa wa barua ile tuliona vitu viwili ambavyo havikuwamo kwenye simu. Cha kwanza, juu pembeni mjomba aliandika mwezi wa toleo, ukurasa, safu ya ngapi, maktaba aliyosomea na tarehe aliyonakili. Cha pili, penye idadi ya miaka aliandika hivi: 18 [?].

Alama hiyo ndogo ya kuuliza ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Mjomba alikuwa anamwambia atakayemsoma: hapa wino umefifia, naona kama 18, lakini siapi. Aliiweka ndani ya mabano ya mraba makusudi, ili ijulikane ni yake yeye, haikutoka kwa mwandishi wa barua. Aliyechapa kwenye simu, bila nia mbaya, aliona kama uchafu akaiacha. Shaka ya mjomba ikageuka kuwa uhakika wa gazeti.

Kwa maelezo yale ya pembeni, mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alihitaji asubuhi moja tu. Aliomba toleo la mwezi ule na kufungua ukurasa ule. Tarakimu ya pili kweli ilikuwa imefifia upande wa kushoto, na kwa haraka huwezi kujua kama ni 3 au 8. Akafanya jambo ambalo wasomaji wa magazeti makuukuu hulifanya: alitafuta 3 na 8 nyingine kwenye ukurasa uleule, zilizochapwa kwa herufi zilezile, akalinganisha. Kichwa cha 3 ya chapa ile kilikuwa bapa na cha 8 mviringo. Ya kwenye barua ilikuwa na kichwa bapa. Miaka 13, basi, na mwaka ni 1913, kama bibi alivyosema. Fundi alikuwa bado hajaanza kuchonga.

Sasa fikiria kama daftari lingepotea. Jiwe lingesema 1908, na siku moja mtu angekuja kugundua kosa. Lawama ingekwenda kwa nani? Kwa gazeti, ambalo halikukosea. Au kwa mjomba, ambaye alionya. Kumtaja aliyenakili, pamoja na mashaka yake, kunampa haki mara mbili: anapata sifa ya jasho lake, na habebeshwi kosa lisilo lake. Nasi wasomaji tunapata njia ya kurudi nyuma mpaka kwenye karatasi yenyewe.

Binti yangu aliniuliza kama mambo haya yanahusu magazeti tu. Nikamwuliza shuleni wanasoma mashairi ya nani ya zamani. Akamtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyo alifariki karibu mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalikuwa vichwani mwa watu. Aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua. Kutoka kwake yakamfikia mmisionari William Taylor, ambaye karatasi zake zipo katika chuo cha SOAS, London. William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka. Mtoto anayeandika "Muyaka alisema" amepokea neno lililopita katika mikono kadhaa, na kila mkono uliamua kitu.

Waliamua kweli, hawakuhamisha tu. Katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa uandishi wa kawaida wa zamani, herufi moja ya "be" iliweza kusimama kwa b, kwa p na hata kwa mb. Irabu i na e zilitumia alama moja, na u na o vilevile. Neno lililoandikwa kwa "be" na "te" lingeweza kusomwa bata, pata au mbata, na anayelihamishia kwenye herufi za Kilatini lazima achague moja kwa kuangalia maana ya ubeti. Akichagua vibaya, ubeti unabadilika. Ndiyo maana anayenukuu anapaswa kusema ameutoa kitabu cha nani, asiishie kwenye jina la mshairi.

Baada ya mazungumzo hayo tuliiandika upya kazi yake ya shule. Mstari wa chanzo ukawa hivi: "Barua ya msomaji wa Morogoro, Mambo Leo, 1926," ukafuatiwa na mwezi na ukurasa, kisha: "imenakiliwa kwa mkono na mjomba wa mama yangu," pamoja na jina lake kamili, mwaka alionakili, na maneno "daftari liko kwa familia, Msamvu. Gazeti lenyewe sikuliona. Idadi ya miaka imehakikiwa na mama mdogo." Mstari umekuwa mrefu, lakini kila kilichomo ni kweli. Aliogopa mwalimu atamwondolea alama kwa kusema hakuliona gazeti. Nikamwambia aache hivyohivyo, kwa sababu anayesema "sikuliona" anaaminika zaidi katika yale anayosema ameyaona.

Je, kama aliyenakili hajulikani, maana ukurasa umezunguka kwenye simu bila jina? Kwanza uliza aliyekutumia naye aliupata kwa nani. Mara nyingi hatua mbili au tatu zinatosha. Ukikwama, andika "aliyenakili hajulikani", na useme uliupata wapi na lini. Usijaze pengo kwa jina la gazeti peke yake.

Na kama umebahatika kwenda kuliona gazeti, basi litaje gazeti kwa kuwa umeliona, halafu ongeza kwamba ni nakala ya fulani iliyokuelekeza. Mdogo wangu asingefungua ukurasa ule bila mjomba kumtangulia.

Jambo la mwisho ni tahajia. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930, kwa hiyo magazeti ya kabla yake yana maneno yaliyoandikwa tofauti na leo. Watoto wetu hupenda kuyanyoosha. Kama mjomba aliyaacha yalivyo, nawe yaache yalivyo. Ukibadilisha hata neno moja, sema umebadilisha wewe, la sivyo mabadiliko yako yatahesabiwa kuwa ni kazi yake.

Kijitabu cha ukoo kimetoka. Ukurasa wa barua una jina la gazeti juu na jina la mjomba chini. Penye 13 tumeacha maelezo mafupi kwamba yeye alisoma 18 kwa shaka, na nani aliyehakiki. Mama mkubwa aliposomewa aliuliza jambo moja tu: kama na jina la mama yake, aliyeukumbuka mwaka ule bila gazeti, limeandikwa. Limeandikwa.