Constanța Mbili

Siku nne kabla ya kukusanya tasnifu, msimamizi wangu alifungua ukurasa wa mwisho, ule wa faharasa ya majina, akaniuliza bila kucheka: "Hii Constanța ya pili iko nchi gani?"

Nikatazama. Kweli, mji huu ninaosoma, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi hapa Romania, ulikuwa umeandikwa mara mbili. Constanţa ina kurasa zake, halafu chini yake Constanța ina zake. Kwa macho yangu yalikuwa maneno mamoja. Kwa kompyuta, jamani, ni miji miwili.

Kiromania kina s na t zenye alama chini yake. Alama sahihi ni koma ndogo, haigusi herufi: ș, ț. Nyingine ni sedila, kijikia kilichoshikana na herufi: ş, ţ. Mfumo wa zamani wa herufi za kompyuta ulikuwa na hizi za sedila tu, na watu wakazitumia kwa kukosa jingine. Za koma ziliingia Unicode mwaka 1999, lakini Windows XP haikuwa na fonti zake hadi Microsoft ilipotoa nyongeza, Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Ndiyo maana makala ya 2003 niliyonakili yalikuja na sedila, na niliyoandika mwenyewe yana koma. Kurasa 94, vyote vimechanganyika kama pilau.

Nilidhani nitaziona kwa macho. Wapi! Fonti nyingi huchora ţ ya sedila kwa umbo la koma kabisa, kwa hiyo t haikwambii kitu. Inayojifichua ni s. Ukitaka uhakika ndani ya Word, weka kishale mara baada ya herufi, bonyeza Alt+X, herufi inageuka kuwa namba yake. 0219 ni koma, 015F ni sedila. Bonyeza tena inarudi.

Usiku huo nikafanya kosa la mwenye haraka: nikabadilisha zote kwa mkupuo. Nikalala nimeridhika. Asubuhi nafungua, naona Eskișehir. Moyo ukashtuka. Tasnifu yangu inahusu Watatari waliohama Dobrogea, eneo hili la pwani, kwenda Anatolia, na wengi walifikia Eskişehir. Huo ni mji wa Uturuki, na Kituruki huandika ş kwa sedila kihalali kabisa. Kwa Kiromania pasha ni pașă, kwa Kituruki ni paşa. Mimi nilikuwa nimewasahihisha Waturuki lugha yao wenyewe! Nikarudi kwenye nakala ya jana. (Nilikuwa nayo, sijui kwa bahati gani.)

Safari hii nikatulia. Kituruki hakina ţ, kwa hiyo herufi hiyo sikuihofia: nikabadilisha zote, ndogo kisha kubwa, nikiwa nimeweka alama kwenye "Match case" ili herufi kubwa zisije zikachafuka. Kwa s nikaenda moja moja. Kwenye kisanduku cha kutafuta niliandika namba badala ya herufi, maana usiku wa manane macho hayaaminiki:

```
^u351   ş
^u350   Ş
```

Kila Word iliposimama nilijiuliza: hili neno ni la Kiromania au la Kituruki? Kazi ya saa mbili na chai vikombe vitatu. Sura ya pili ndiyo ilinichosha, kwa sababu majina ya Watatari wenyewe yako njia panda: mtu huyohuyo kwenye daftari la Kiromania ana koma, kwenye kitabu cha Istanbul ana sedila. Niliamua kufuata Kiromania kwenye maelezo yangu, na kuacha majina ya vitabu kama yalivyochapishwa.

Nikasasisha orodha ya marejeo, sedila zikarudi! Programu yangu ya kutunza marejeo ilikuwa inachota upya kutoka kwenye hazina yake, ambako sikugusa kitu. Ikabidi nisahihishe huko kwanza, vitabu 31, ndipo nisasishe. Faharasa nayo ilinisumbua kidogo: maneno yake yamefichwa ndani ya matini, kwa hiyo lazima uonyeshe alama zilizofichwa kabla ya kutafuta, kisha uijenge upya.

Nilipotafuta ^u351 mara ya mwisho zilibaki 27, nikazipitia zote, zote Kituruki. Constanța ikawa moja, na kurasa zake zote pamoja.

Mkosaji mwingine nilimkuta kwenye kompyuta ya maktaba niliyoandikia sura ya kwanza. Kibodi yake ilikuwa imewekwa Romanian (Legacy), inayotoa sedila. Nikabadili iwe Romanian (Standard). Wiki iliyofuata nikakuta kuna mtu ameirudisha.