Niliuza PS4 moja, nikailipia mara mbili

Wasee, wacha niwaambie vile shilingi 23,000 zilinitoka mfukoni kwa sababu ya waya mmoja na laini moja ya risiti ambayo sikuijaza.

Nilikuwa Kisumu, nauza PS4 Slim yangu. Kijana mmoja wa Nakuru akakubali bei, akatuma pesa yote kwa M-Pesa bila maswali. Mimi nikajiona nimefunga mzigo poa sana. Nikachukua katoni ya viatu vya buti, nikazungushia mashine blanketi la mtoto, padi nikaiweka juu, nikapiga selotepu kila mahali. Juu nikaandika kwa maka nyekundu: INAVUNJIKA, SHIKA POLEPOLE. Nikapeleka ofisi ya vifurushi ya basi, nikalipa, nikaenda kula.

Kesho yake kijana ananipigia. "Bro, imewaka lakini tivii haionyeshi kitu. Na ukiitikisa kuna kitu kinalia ndani."

Nilimwambia alete waya mwingine. Haikusaidia. Akanitumia picha ya nyuma ya mashine, na hapo ndipo nilielewa. Nilikuwa nimeacha waya wa HDMI ukiwa umechomekwa. Boksi liliangushwa au likawekewa gunia, sijui, lakini uzito wote ulisukuma kile kichwa cha waya, nacho kikang'oa tundu la HDMI kutoka kwa ubao. Ile sauti ilikuwa diski ya gemu niliyoisahau ndani.

Nikaenda ofisi ya basi nikiwa na hasira. Mama wa kaunta akachukua risiti yangu, akaisoma polepole, akanigeuzia. "Kijana, hapa umeandika katoni moja. Thamani hukuandika. Soma nyuma." Nyuma, kwa maandishi madogo kama chungu, ilisema mzigo usiotajwa thamani fidia yake haizidi shilingi 1,000. Sikuwa na la kusema. Nilimrudishia kijana pesa zake kwa awamu tatu, na yeye akanirudishia mashine iliyokufa.

Sasa mashine ile ile ilibidi nimtumie fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi. Hii safari ya pili ndiyo ilinifunza. Watu hudhani kufunga ni jambo moja na bima ni lingine. Zi. Bima hulipa ushahidi, na boksi lako ni sehemu ya ushahidi. Mzigo ukivunjika, swali la kwanza ni ulifungwa vipi. Kama ulifungwa ovyo, wanasema kosa ni lako, na hata ulilipia bima utarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hivyo nilianza kabla ya boksi. Nilipiga video moja bila kukata: stika yenye namba ya siriali, mashine ikiwashwa, taa nyeupe ikiwaka, tivii ikiwa nyeusi, kisha tundu lenyewe lililong'oka nikilisogelea karibu. Ukituma kitu ambacho tayari kimeharibika, lazima uonyeshe ni nini kilikuwa kibovu na nini kilikuwa kizima. Bila hiyo, kitu kingine kikivunjika njiani wataambia, "Si ilikuwa inaenda kwa fundi?"

Kisha nikaizima kabisa. Taa ya rangi ya machungwa maana yake imelala tu, haijazima. Ndani ya PS4 kuna hadi diski inayozunguka kama ya laptopu, na ikigongwa wakati inazunguka inaweza kukwaruzika na kupoteza kila kitu. Subiri taa ipotee yote, toa waya zote, toa diski ya gemu. Kama ningekuwa nauza tena, ningeingia pia Settings > Initialization > Initialize PS4 nifute akaunti yangu. Kwa fundi sikufuta, kwa sababu bila picha singeona hata menyu.

Halafu boksi. PS4 Slim ina urefu wa kama sentimita 29, upana 27, unene 4, na uzito wa kilo 2 na kidogo. Nataka sentimita 5 za mto kila upande, juu na chini pia. Piga hesabu: unahitaji boksi la karibu 40 kwa 40, na kina cha 15. Duka la jumla mtaani walinipa bure, katoni ngumu isiyo na mikunjo. Mashine nikaivalisha mfuko safi, nikaizungushia mara tatu ile plastiki yenye viputo, ile sisi wote tulipasua tukiwa watoto. Pembeni nikajaza vipande vya kadibodi nilivyokunja. Magazeti na blanketi hudanganya: yanaonekana laini, lakini yakikaliwa na mzigo yanalala, nafasi inabaki, mashine inaanza kucheza. Padi na waya nilivifunga kando, vikakaa kwenye kiboksi chao upande mmoja, kamwe si juu ya mashine.

Kabla ya kufunga, nikafanya jaribio la sikio. Nikafumba mdomo wa boksi kwa mikono, nikalitikisa. Ukisikia chochote, hata kidogo, rudi uongeze. Likanyamaza. Nikapiga selotepu katikati na kwenye kingo mbili, nikaweka sahihi yangu kwa maka juu ya selotepu, ili mtu akifungua ionekane. Nje sikuandika neno PS4. Usimwambie mwizi kilichomo. Ukiwa na boksi lake la kiwanda, liweke ndani ya jingine lisilo na picha.

Kaunta, safari hii nilikuwa mtulivu. Nilimwuliza yule mama maswali mawili: bima inalipa mzigo ukipotea tu, ama hata ukivunjika? Na nikidai, nina muda gani? Akaniambia zote mbili, lakini lazima mpokeaji alalamike kabla hajatia sahihi ya kupokea. Niliandika thamani 18,000, bei ya kweli ya mashine yenye tundu bovu, si bei ya ndoto. Ukiongeza thamani unalipia bima zaidi bure, maana watakuuliza uthibitishe. Bima ikawa shilingi 270. Nikapiga picha risiti pande zote mbili, nikamtumia fundi namba ya mzigo na namba ya basi. Ofisi hiyo hutuma meseji mzigo ukipakiwa na ukifika, kwa hivyo tungejua kama umekwama wapi.

Nikamwambia fundi, "Bosi, usitie sahihi kabla hujaangalia boksi, na ukifungua piga video usikate."

Akanitumia video saa nne asubuhi. Kona moja ya boksi ilikuwa imebondwa ndani kama sentimita 3. Manze, moyo ulisimama. Akakata selotepu, akatoa kadibodi, akafungua plastiki. Mashine haikuwa na hata mkwaruzo. Zile sentimita 5 zilikuwa zimekula kipigo chote, zikabaki mbili.

Tundu jipya alinitoza 3,500. Zile 270 za bima sikuzidai, na sizilii. Kijana wa Nakuru alishanunua nyingine kwa mtu mwingine. Nilimtumia ile video ya fundi, akanijibu neno moja: "Ungejua." Ni kweli, ningejua.